VRIO hatua kwa hatua: jinsi ya kupima rasilimali za kampuni bila kujidanganya

Jedwali la VRIO lenye “ndiyo” nne katika kila mstari halijapima kitu. Nimeyaona mengi ya namna hiyo. Wakuu wa idara wanajifungia asubuhi nzima, na kufika saa sita mchana ubaoni kumeandikwa “wafanyakazi wetu”, “jina letu”, “teknolojia yetu” na “uhusiano mzuri na wateja”, kila kimoja kimepewa alama za juu. Washindani wao wangekaa chumba cha pili wangeandika maneno yaleyale.

Kipimo chenyewe ni cha Jay Barney, mtafiti wa mikakati ya kampuni. Katika makala yake ya 1991 aliuliza kwa nini kampuni fulani huendelea kuwatangulia wenzao hata baada ya wenzao kujua wanachofanya, akatafuta jibu ndani ya kampuni badala ya kuangalia soko peke yake. Mwaka 1995 swali la mpangilio likaingia rasmi, na herufi zikatimia: V ni thamani, R ni uadimu, I ni ugumu wa kuigwa, O ni mpangilio wa kampuni. Maswali yanafuatana. Rasilimali isiyo na thamani haina haja ya kuulizwa kama ni adimu. Jino bovu nalo ni la kwako peke yako.

Nitakwenda na mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Tuchukue kampuni inayohudumia lifti za majengo: inazikagua, inazitia grisi, inazitengeneza zikikwama. Ina lifti 310 chini ya mikataba, mafundi 22 na stoo ya vipuri. Imekuwapo miaka 14. Takwimu zake nimezitunga kwa ajili ya mafunzo, ila ni za aina ambayo kampuni yoyote inaweza kuzitoa kwenye makaratasi yake yenyewe.

Hatua ya kwanza: ipe rasilimali jina dogo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kabla hata ya swali la kwanza. Ukiandika “mafundi wetu”, umekusanya watu 22, ujuzi wao, mazoea yao, magari yao na simu za wateja walizo nazo, vyote kwenye kapu moja. Katika kapu hilo kuna vitu ambavyo kila mshindani anavyo, na pengine kimoja ambacho hana. Ukilipima zima, jibu litakuwa la kapu.

Njia ninayoitumia ni kujiuliza: je, naweza kukiondoa kitu hiki kwa mwezi mmoja, vingine vyote vikabaki, nikaona ni kazi gani hasa imeharibika? “Utamaduni wetu” hauondoleki kwa mwezi. “Utaratibu wa fundi mkuu kukagua kila kazi ya breki kabla lifti haijarudishwa kwa abiria” unaondoleka. Huo unapimika.

Kampuni yetu ya lifti ilianza na orodha ya mambo manne makubwa. Baada ya kuyapasua, yalibaki matatu yaliyostahili kupimwa. La kwanza ni programu ya kompyuta inayopanga fundi gani aende wapi. La pili ni akiba ya vipuri vya lifti za zamani, zile zinazoendeshwa kwa relei, yaani swichi za sumaku-umeme, badala ya kadi za elektroniki, ambazo watengenezaji wameacha kuzihudumia. La tatu halikuwa kwenye orodha kabisa. Lilitajwa na karani wa ofisi, mama aliyekuwa ameitwa kuandika kumbukumbu za kikao tu. Alisema, “Na yale makabati yangu je?” Ndani ya makabati yake kulikuwa na kadi za kazi za miaka 14: kila lifti kwa namba yake, kila mara iliyokwama, dalili zilizoonekana, kilichokutwa, kilichobadilishwa. Kwa wastani wa hitilafu mbili kwa lifti kwa mwaka, ni kadi kama 8,700.

Kwa hiyo usiwaachie wakuu peke yao kuandika orodha. Wao wanakijua kinachoonekana kwenye bajeti, na makabati ya karani hayamo kwenye bajeti.

Hatua ya pili: thamani, kwa ushahidi usio faida

Rasilimali ina thamani ikiwa inapunguza gharama ya kampuni, au inamfanya mteja awe tayari kulipa zaidi, au inaikinga kampuni na tishio la nje. Lolote kati ya hayo latosha, lakini ni lazima uoneshe njia: kitu hiki kinagusa kazi gani, na kazi hiyo inabadilikaje.

Mtego mkubwa wa hatua hii ni kuzunguka mduara. Watu husema: “Tunapata faida kuliko wenzetu, na sisi tuna kitu hiki, kwa hiyo kitu hiki kina thamani.” Mwaka 2001 Richard Priem na John Butler waliandika ukosoaji mkali kuhusu jambo hilohilo: ukiipima thamani kwa faida, kisha ukaieleza faida kwa thamani, hujaeleza chochote. Mimi naona dawa yake ni nyepesi. Kataza neno “faida” katika hatua hii. Pima kazi yenyewe: dakika, makosa, marudio, mikataba iliyohuishwa.

Programu ya kupangia mafundi ilipita haraka. Ikizimwa, mafundi wanapishana njiani na simu za dharura zinachelewa. Ina thamani. Vipuri vya zamani vilevile: lifti ya relei ikikosa kontakta moja inaweza kusimama wiki kadhaa.

Kadi za makabati zilihitaji subira. Kampuni ilichukua kadi 160 za nusu mwaka, zote za lifti za relei. Katika 44 kati ya hizo, fundi alikuwa amempigia karani simu kwanza amsomee historia ya lifti. Katika 116 hakupiga. Wastani wa muda wa kazi ulikuwa dakika 76 kwa waliopiga na 83 kwa wasiopiga. Tofauti ya dakika saba! Mkurugenzi alikaribia kulifunga jambo hapo hapo.

Kilichookoa mambo ni kuuliza swali ambalo halikosi kuulizwa mbele ya wastani wowote: je, makundi haya mawili yanafanana? Hayakufanana. Hitilafu za mlango ni nyepesi, dakika 40 hivi, na fundi hana sababu ya kumpigia mtu simu. Katika zile 116, kadi 66 zilikuwa za mlango. Katika zile 44, nne tu. Walipoiondoa milango na kubaki na hitilafu za ubao wa umeme peke yake, picha ikageuka: kazi 40 zilizosomewa historia zilichukua wastani wa dakika 80, na kazi 50 zisizosomewa zikachukua 140. Tena katika zile 40, lifti nne zilikwama upya ndani ya siku 30. Katika zile 50 zilikwama 13.

Hiyo sasa ni thamani inayoshikika: saa nzima kwa kila hitilafu ya ubao, na marudio yaliyoshuka kutoka asilimia 26 hadi 10. Lakini angalia pia mipaka yake. Kwa milango, kadi hazisaidii kitu. Thamani ya rasilimali huwa ina mahali pake, na ukipaandika (“hitilafu za ubao, lifti za relei”) utaepuka makosa mengi huko mbele.

Hatua ya tatu: uadimu, kwa kuhesabu

Swali hapa ni washindani wangapi wanacho. Si lazima uwe peke yako. Kikiwa mikononi mwa wachache kiasi kwamba hawajalazimika kushindana wao kwa wao hadi faida iishe, bado ni adimu. Kinachotakiwa ni kuhesabu, na kuhesabu kunahitaji orodha ya washindani halisi. Orodha hiyo usiitoe kichwani. Waulize wateja watano waliosaini karibuni: “Mlilinganisha sisi na nani?” Mara nyingi majina watakayotaja siyo yale ambayo mkurugenzi huyaota usiku.

Kampuni yetu ilipata washindani sita. Kujua wana nini si upelelezi. Mteja aliyehama kutoka kwa mshindani ana makaratasi aliyokabidhiwa, au hakukabidhiwa lolote. Nyaraka za zabuni hueleza mshindani anaahidi nini. Fundi aliyewahi kufanya kazi kwingine anajua kama huko kuna kadi au hakuna. Mwulize utaratibu wa kazi ulivyokuwa, usimwombe siri za mwajiri wake wa zamani. Hilo ni kosa la kisheria mahali pengi, na ni aibu kila mahali.

Programu ya kupangia mafundi iliangukia hapa. Inauzwa, na wanne kati ya sita wameinunua. Ina thamani lakini si adimu, na jina la hali hiyo ni usawa wa ushindani. Watu husikia “usawa” wakadhani kitu hicho kitupwe. La. Ukikitupa unashuka chini ya wenzako. Kitunze kwa gharama ndogo iwezekanavyo, na acha kukipigia tarumbeta.

Vipuri vya zamani vilikuwa kwa mshindani mmoja zaidi. Kadi zenye historia ya kila lifti zilikutwa kwa mmoja pia, tawi la huduma la mtengenezaji, tena kwa lifti za chapa yake tu. Vyote viwili vikapita.

Hatua ya nne: ugumu wa kuigwa

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo ningetumia nusu ya muda wote. Swali halisi ni hili: mshindani asiye nacho akiamua kukipata, atalipa gharama kubwa kuliko ulivyolipa wewe, kiasi kwamba afadhali aache?

Zoezi zuri ni kuwapa watu wawili wa kampuni kazi ya kujifanya mshindani kwa siku tatu. Waambie pesa si tatizo. Waandike mpango wa kukipata kitu hicho, na wapitie njia nne: kukinunua, kuwachukua watu wanaokijua, kukijenga upya, na kukizunguka kwa kutumia kitu kingine kinachofanya kazi hiyohiyo. Njia ya nne ndiyo inayosahaulika. Katika makala ya 1991 Barney aliiweka kama sharti linalojitegemea; baadaye ikafichwa ndani ya herufi I, na wengi hawajui kuwa imo.

Vipuri vya zamani vilikufa katika siku ya kwanza ya zoezi. Wale wawili waligundua kuwa majengo yanapobadilisha lifti, mitambo ya zamani huuzwa kama chuma chakavu. Mshindani akipita kwa wauza chakavu kwa miezi minane atakuwa na stoo kama yetu. Hiyo ni faida ya muda: itumie sasa, ipangie bei ya sasa, ila usijenge mkakati wa miaka mitano juu yake.

Kadi zilikuwa habari nyingine. Kuzinunua haiwezekani kwa kuwa hakuna anayeziuza. Kuzijenga upya kunagongana na muda: ili mshindani apate historia ya miaka 14 ndani ya miaka miwili, lifti zingelazimika kuharibika mara saba zaidi, na lifti haiharibiki haraka kwa sababu kuna mtu mwenye pesa anasubiri. Mwaka 1989 Ingemar Dierickx na Karel Cool walilieleza jambo hili vizuri: baadhi ya mali hukua kwa kulimbikizwa taratibu, na anayejaribu kuukimbiza muda hulipa zaidi akapata kidogo.

Muda ni chanzo kimoja cha ugumu. Kingine ni hataza na sheria, kinachoeleweka bila maelezo. Viwili vinavyobaki ni vigumu zaidi kuvitambua, kwa hiyo niviangazie kwa kisa kimoja cha kweli.

General Motors ilifunga kiwanda chake cha magari cha Fremont, Kalifonia, mwaka 1982. Kilikuwa na sifa mbaya: utoro, migomo, magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI. Wafanyakazi wengi waliorudishwa walikuwa walewale wa zamani, na chama chao kilikuwa kilekile. Mamia yao walipelekwa Japani kujifunza. Kwa muda mfupi ubora wa magari ukapanda hadi kulingana na ule wa viwanda vya Toyota vya Japani. General Motors haikuhitaji kupeleleza. Ilikuwa mmiliki mwenza, mameneja wake walikuwa humo ndani, waliiona kila kamba ambayo mfanyakazi aliivuta kusimamisha mstari wa kuunganishia magari. Hata hivyo ilichukua miaka mingi kuyahamishia mafunzo hayo kwenye viwanda vyake vingine.

Sababu moja ni kwamba kilichozaa matokeo hakikuwa wazi. Kamba inaonekana, lakini kinachomfanya mfanyakazi aivute bila hofu, na kiongozi wake aje kumsaidia badala ya kumfokea, hakichoreki kwenye mchoro. Hapo chanzo cha mafanikio kimefifia, wakati mwingine hata kwa mwenye nacho. Sababu ya pili ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa limefumwa katika mahusiano: wafanyakazi na viongozi, kiwanda na watoa vipuri, chama na menejimenti. Nyuzi kama hizo huwezi kuzinunua moja moja.

Sasa tahadhari. Ufifiaji huu ni kimbilio la wavivu. Mtu akishindwa kueleza kwa nini kitu chake hakiigiki, husema “hata sisi wenyewe hatujui siri yake”. Huenda ni kweli, au huenda hakuna siri. Ninachodai hapo ni jaribio la kuiga lililoshindwa: nani amejaribu, lini, akakwama wapi? Kama hakuna aliyejaribu, andika “haijulikani” na usiandike “ndiyo”. Kuwa hakuna aliyeiga kunaweza kumaanisha tu kwamba hakuna aliyeona inafaa.

Turudi kwa kadi. Njia ya kuwachukua watu ilitoa onyo. Karani anaijua mipangilio ya makabati kuliko mtu yeyote, na fundi mmoja wa muda mrefu anazikumbuka lifti korofi thelathini hivi bila kadi. Akihama, anahama na hizo thelathini. Zilizobaki zinabaki kabatini. Hivyo kadi ni ngumu kuigwa, lakini sehemu iliyo kichwani mwa fundi si mali ya kampuni hata kidogo. Tena kuna jambo ambalo VRIO haliulizi: hata faida ikipatikana, nani ataichukua? Fundi ambaye kampuni haiwezi kuishi bila yeye atadai sehemu yake kwenye mshahara, na ana haki. Nyongeza yangu katika kila jedwali ni safu ya tano yenye swali moja: “Akiondoka fulani, kinabaki?”

Njia ya kuzunguka ilitoa onyo kubwa zaidi. Lifti mpya huja na vihisi vinavyomweleza mtengenezaji kwa mtandao kilichoharibika kabla fundi hajatoka ofisini. Kwa lifti hizo kadi za makabati hazina la kusema. Kwa lifti za relei, ambazo ni 190 kati ya 310, vihisi hivyo havipo, na kuzifunga navyo ni gharama ambayo mwenye jengo hukawia kuibeba kwa mashine anayofikiria kuibadilisha. Hivyo jibu likawa “ndiyo” lenye ukingo: ni ngumu kuigwa kwa lifti 190, na idadi hiyo hupungua kwa 12 hivi kila mwaka.

Kabla ya kuondoka hapa, soma mikataba. Kadi ni za nani? Katika mfano wetu daftari linalokaa chumba cha mashine ni la mwenye jengo, na huachwa mkataba ukiisha. Kadi za ofisini, zenye maelezo ya kina, ni za kampuni. Ingekuwa kinyume, kipimo chote kingeishia hapa.

Hatua ya tano: mpangilio

Kampuni inaweza kuwa na kitu chenye thamani, adimu, kisichoigika, na bado isipate chochote. Kituo cha utafiti cha Xerox kilichofunguliwa Palo Alto mwaka 1970 kinatajwa kila mara hapa, lakini hutajwa nusu. Nusu inayojulikana ni Alto, kompyuta ya 1973 yenye skrini ya michoro na kipanya, ambayo Xerox haikuiuza kama bidhaa. Star, iliyoifuata sokoni mwaka 1981, haikufua dafu. Nusu nyingine ni printa ya leza. Nayo ilikuzwa katika kituo hichohicho, ikatoka mwaka 1977 kama Xerox 9700, na ikaingizia kampuni fedha nyingi mno. Kituo kilikuwa kimoja na kampuni ilikuwa moja. Printa ilifanana na mashine za kunakili ambazo Xerox tayari ilijua kuzitengeneza, kuziuza na kuzitoza kwa kila ukurasa. Kompyuta ilihitaji wauzaji wa namna nyingine, bei ya namna nyingine na bosi wa kuitetea. Ndiyo maana mpangilio haupimwi kwa kampuni nzima. Unapimwa kwa kila rasilimali.

Pima mambo matatu: nani anawajibika kwa kitu hiki, nani anafuatilia kama kinatumika, na malipo ya watu yanawasukuma kukitumia au kukikwepa. La tatu ndilo lililotoa aibu katika mfano wetu. Mafundi walilipwa posho kwa idadi ya miito waliyofunga kwa siku. Kumpigia karani simu na kungoja asome kadi kulichukua dakika kumi, na aliyerekebisha vibaya alilipwa tena aliporudi wiki iliyofuata. Yaani kampuni ilikuwa inalipa watu wasiitumie rasilimali yake bora. Wajibu nao haukuwa kwa mtu: karani alitunza kadi kwa mapenzi yake, hazikuwa kwenye maelezo ya kazi yake. Na hakuna aliyefuatilia. Zile simu 44 zilijulikana tu kwa sababu karani alikuwa na mazoea ya kuweka alama ya penseli pembeni mwa kadi.

Hukumu: V ndiyo, R ndiyo, I ndiyo kwa lifti za relei, O hapana. Hali hii huitwa faida isiyotumika, nami naiona kuwa ndiyo matokeo mazuri kuliko yote ambayo zoezi hili linaweza kukupa. Pengo la mpangilio ndilo pekee ambalo unaweza kuliziba mwenyewe bila kungoja soko.

Hatua ya sita: kuziba pengo bila kutoboa mtumbwi

Wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa kuzipiga picha kadi zote na kuziweka kwenye simu za mafundi. Ni wazo zuri kwa O na baya kwa I. Kadi 8,700 kabatini haziibiki. Kadi 8,700 kwenye simu 22 zinaondoka na fundi yeyote anayehamia kwa mshindani. Kila unapokirahisisha kitu kutumika ndani, unakirahisisha pia kutoka nje, na mvutano huu haukwepeki. Unaweza tu kuchagua mahali pa kusimama.

Kampuni ilichagua hivi. Zilianza kuingizwa kwenye kompyuta kadi za lifti za relei peke yake. Fundi anapopewa mwito, anapata historia ya lifti hiyo moja, nayo inafungika kazi ikifungwa. Posho ikahamishwa kutoka idadi ya miito kwenda lifti ambazo hazikukwama upya ndani ya siku 30. Karani akapewa cheo na maelezo ya kazi yanayoitaja kumbukumbu hiyo kwa jina. Na fundi mkongwe anakaa naye saa mbili kila Ijumaa, wakiandika zile lifti thelathini, kwa malipo ya ziada.

Nafasi ya kukosea bado ipo. Posho mpya inaweza kuwafanya mafundi wabadilishe vipuri vizima ili tu lifti isirudi ndani ya mwezi, kwa hiyo matumizi ya vipuri kwa kila mwito yanaandikwa sambamba. Yakipanda huku marudio yakishuka, pongezi zisitolewe haraka.

Lini upime tena

Wengi hupanga kurudia VRIO kila mwaka. Mimi napendelea kuandika, pembeni mwa kila “ndiyo”, tukio litakaloigeuza kuwa “hapana”. Polaroid ilikuwa na hataza za picha za papo hapo zilizosimama mahakamani: Kodak ilishindwa kesi na mwaka 1986 ikalazimika kuacha biashara hiyo. Katika herufi I Polaroid ilikuwa salama kabisa. Ilichokosa ni V, kwa sababu kamera za kidijitali zilimwondolea mteja haja ya karatasi ile, na Oktoba 2001 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika. Kodak yenyewe ilifuata njia hiyo mwaka 2012.

Kwa kampuni ya lifti, matukio yaliyoandikwa ni matatu: mtengenezaji yeyote akianza kuuza kifaa cha bei nafuu cha kufunga vihisi kwenye lifti za relei, mkataba mpya wowote utakaodai kadi za ofisini zikabidhiwe kwa mwenye jengo, na lifti za relei zikishuka chini ya 120. Kwa kasi ya 12 kwa mwaka, hilo la mwisho liko karibu miaka sita mbele. Mkurugenzi aliuliza kama miaka sita inatosha kurudisha gharama ya kuingiza kadi kwenye kompyuta. Karani, ambaye sasa yumo kikaoni kwa haki yake, alijibu kwamba kadi 800 za kwanza zimeshaingia, na kwamba ameanza na majengo ambayo mikataba yake inaisha mwaka huu.